Gauni la Kuinamia

Harufu ya kitambaa chenye unyevu kikipitiwa na pasi ya makaa hunirudisha Kitengela, hata niwe mbali kiasi gani. Ni harufu ya moshi kidogo, maji kidogo, na rangi ya buluu iliyoanza kuchoka. Juzi nilipita nyuma ya nyumba ya jirani yangu akipiga pasi sare za watoto, nikasimama pale kichochoroni nikinusa kama mwizi anayechungulia chungu cha mwenyewe. Alinisalimia kwa wasiwasi. Sikumweleza kitu, maana ningeanzia wapi? Nyinyi nawaeleza, kwa sababu mmeketi na hamna haraka.

Mama yangu alishusha upindo wa sketi yangu ya shule kila muhula. Alikata uzi kwa wembe, akaufungua upindo, akanyunyiza maji kwa vidole, kisha akakandamiza pasi kuufuta mstari wa zamani. Haukufutika hata siku moja. Kitambaa kilichokuwa kimefichwa ndani kilikuwa bado na buluu ya dukani, na kile cha nje kilikuwa kimepauka kwa jua, kwa hiyo sketi yangu ilimalizikia chini kwa mikanda mitatu ya buluu tatu tofauti. Yeyote mwenye macho aliweza kusoma kwamba mtoto huyu ameongezeka mara tatu tangu sare inunuliwe. Na watu wa Kitengela walikuwa na macho. Sina hakika kama walikuwa na kazi nyingine.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, darasa la tano, na tayari nilikuwa nimempita mwalimu wangu wa hisabati kwa urefu. Hiyo ilikuwa miaka ya tisini, Kitengela ikiwa bado mji mdogo wa mabati kando ya barabara ya Namanga. Kila nyumba yenye televisheni ilikuwa imesimamisha antena juu ya bomba refu ili picha ishike, na upepo ukivuma, mtu alitumwa nje kulizungusha bomba huku waliobaki ndani wakipiga kelele za maelekezo. Hapo ndipo nilipopewa jina langu. Vijana waliokuwa wakishinda nje ya kinyozi, wanaume wazima wenye ndevu zao na wengine na watoto wao nyumbani, walikuwa wakiniona natoka shule na mkoba mgongoni wanaanza, "Antena! Hebu zunguka kidogo, picha inakatika!" Na mimi nilicheka. Ndiyo, nilicheka nao, kwa sababu nilikuwa nimegundua kwamba ukicheka unapita haraka.

Baba yangu alikuwa na futi sita na inchi tatu. Aliuza misumari, mabati na saruji katika duka lake pale pale barabarani, na wateja walimwita mheshimiwa, ingawa hajawahi kugombea hata uenyekiti wa kamati ya maji. Urefu wake ulikuwa heshima. Urefu ule ule, ulipoteremka kwangu ukiwa umepungua ukucha tu, uligeuka kuwa ugonjwa. Wanawake waliokuja dukani walinitazama kuanzia viatu, wakapanda taratibu kama wanaohesabu matofali, na walipofika usoni wakamgeukia mama na kumwuliza, "Na huyu ataolewa na nani?" Walimwuliza mama, si mimi. Nilikuwa nimesimama pale pale nikila mkate.

Mama, ambaye ni mtu mfupi na mwoga wa maneno ya watu, alikuwa na dawa moja tu. "Kunja kidogo," alininong'oneza. Tukiingia kanisani, kunja kidogo. Wageni wakija, kunja kidogo. Mpiga picha akiinua kamera, mkono wa mama ulinigusa kiunoni kwa nyuma, nami nikajua.

Basi nikawa fundi wa kukunja, na naomba mniamini kwamba ni kazi yenye ujuzi wake. Mtu asiyeijua hudhani ni kuinamisha kichwa tu. Kichwa hakitoshi. Unaanza kwa kuutupa uzito wote kwenye mguu mmoja na kulegeza goti la pili, nyonga inashuka, unapata inchi moja na nusu. Unatanua miguu kama unayejiandaa kuruka mtaro, unapata nyingine. Unayavuta mabega mbele yakutane karibu na kidevu, kifua kinazama ndani, na hilo lina faida ya ziada kwa msichana ambaye kifua kimeanza kumletea maneno. Shingo unaisukuma mbele. Barabarani unatembea upande wa chini wa mteremko, na mimi nilivijua vilima vyote vya Kitengela ambavyo mwingine angeapa kwamba ni tambarare. Popote unapoingia, unatafuta kiti kwanza kabla ya salamu. Kwa bidii hiyo yote nilipunguza kama inchi nne, na hakuna mtu hata mmoja aliyedanganyika. Walichoona ni msichana mrefu sana anayeumwa na tumbo.

Malipo yake yalikuja kwa mgongo. Kati ya mabega palikuwa na pahali kama sarafu ya shilingi kumi palipowaka kuanzia saa nne asubuhi, na kufikia jioni moto umepanda shingoni hadi nyuma ya macho. Mama alinipaka dawa ya kuchua iliyonuka hadi kwa majirani. Hakuna aliyefikiria kuniambia niache kukunja. Wao waliona mgongo unauma kwa sababu ni mrefu.

Nilipopelekwa shule ya bweni ya wasichana Kajiado, niliingia mikononi mwa mwalimu wa michezo, mwanamke mwenye filimbi shingoni na akili isiyozidi ile filimbi. Aliniona siku ya kwanza akanikumbatia. Nikatiwa kwenye timu ya netiboli kabla sijapewa kitanda. Sijui kama mmewahi kunyimwa kipaji na Mungu halafu binadamu wakakusisitizia kwamba unacho. Mpira ulinipiga usoni, ukanipiga kidole, ukapita kati ya mikono yangu kama unaoingia kwao. "Lakini uko na urefu!" mwalimu alilia, kana kwamba nilikuwa nimeuiba. Kitanda nacho nilipokipata, miguu yangu ilitokeza kwenye vyuma vya mwisho, na wenzangu walitundika taulo zao pale.

Kisha zikaja zile Jumamosi ambapo shule ya wavulana ilialikwa kwetu, funki, kama tulivyoziita, tukajimwagia mafuta ya nywele na kujipanga ukumbini tukijifanya hatujali. Wavulana walipita kwenye mstari wakichagua wa kucheza nao. Waliponikaribia waliharakisha, kama watu wanaopita mbele ya ofisi ya mkuu wa shule. Nawakumbuka wale wavulana vizuri: mashati makubwa ya kuazima, suruali zinazoburura, pumzi za vitunguu, na mioyo ya kuku. Mmoja tu alisimama mbele yangu katika miaka minne yote. Akaniomba kucheza, tukaanza, na nilipotazama juu ya kichwa chake nikawaona wenzake watano wakishikana mbavu. Alikuwa amewekewa dau la soda. Nilikunja zaidi, nikamaliza wimbo. Ndiyo adabu niliyokuwa nimefundishwa.

Mjini Kajiado siku za soko nilipumzika kidogo, na hilo lilinishangaza. Wanawake wa Kimaasai walioketi na maziwa yao hawakuniona kuwa ajabu. Mmoja wao, mrefu kama mimi na amenyooka tangu kisigino, alinisalimia, "Supa, entito," yaani hujambo msichana, nikajibu "Ipa," akaendelea na biashara yake. Hakunipanda kwa macho wala kuuliza nitaolewa na nani. Nilikuwa nikirudi kununua maziwa ambayo hata sikuyahitaji. Ila watu wa kwetu waliponiona huko wakaanza lingine: "Kwani mamako alikutoa wapi, wewe si Mmaasai?" Baba yangu wa futi sita na inchi tatu alikuwa amesimama kando wakati swali hilo linaulizwa.

Sasa niwafikishe kwa Anti Wairimu. Alikuwa dada mkubwa wa mama, mwanamke wa kanisa na wa kamati, aliyekuwa na duka la vitambaa vya pazia Kajiado na maoni juu ya kila mtu aliyepita mbele yake. Anti aliamini kwamba dunia ni sebule yake na sisi ni viti, anaweza kutusogeza. Desemba ya mwaka wa 2001, binti yake Nyambura alikuwa anaolewa. Mimi nilikuwa nimetimiza miaka kumi na minane, nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo. Anti akaniweka miongoni mwa wasimamizi sita wa bibi harusi, kila mmoja na kijana wake wa kuandamana naye. Mimi nikapangiwa Karanja.

Karanja alikuwa binamu ya bwana harusi, umri wa miaka ishirini na sita, muuza nyanya na vitunguu kutoka Loitokitok. Alikuwa na lori dogo lake mwenyewe. Hilo la lori Anti alilisema mara nyingi kuliko jina lake. Alikuwa pia na futi tano na inchi nne, na hilo Anti hakulisema kabisa. Niliyasikia yote jikoni nikichambua mboga, Anti na mama wakiwa nje ya mlango wanazungumza kama watu waliosahau kwamba nyumba ya mabati haina siri.

"Kwa ule urefu wake, akipata mtu ashike na mikono miwili," Anti alisema. "Huyu kijana anatafuta bibi. Mamake mwenyewe anakuja amwone. Lakini siku hiyo binti yako asimsimamie juu ya kichwa, ataniaibisha."

"Nitamwambia akunje," mama akajibu.

"Usimwambie. Mimi nimepanga vile atakunja."

Sikuelewa alichopanga hadi tulipofika kwa Fundi Mwende, mwanamke Mkamba aliyekuwa na cherehani yake kwenye veranda karibu na duka la Anti. Alikuwa mtu wa maneno machache, pini mdomoni. Aliwapima wasichana watano, kisha akaja kwangu, akatazama, akachukua kiti cha kusimamia. "Nyooka," aliniambia. Nikajaribu kunyooka, na Anti akainua mkono.

"Hapana. Mpime vile anasimamanga. Vile alikuwa."

Fundi alizitoa pini mdomoni. "Mama, huyu ameinama. Nikimpima hivi, mgongo utatoka mrefu na mbele fupi. Kifua kitakuwa kidogo. Ataweza kuvaa akiwa hivi tu. Akisimama wima, nguo itamvuta hapa na hapa." Alinigusa kwenye kwapa zote mbili na kwenye koo.

"Si ndio hivyo tunataka," Anti akasema.

Naomba mlisikie hilo vizuri. Wapo watu duniani wanaoweza kuagiza gauni la satini, rangi ya pichi, lishonwe kwa umbo la mtu aliyeinama, ili mtu huyo asipate njia ya kunyooka, na wakaenda zao kunywa chai. Fundi Mwende alinitazama mimi, akisubiri niseme neno. Mimi, mhitimu wa kidato cha nne, bingwa wa insha, nikalegeza goti na kuyavuta mabega mahali pake. Akapima. Aliandika namba zake kwenye daftari akibonyeza kalamu kwa nguvu.

Gauni lilipokuja lilinikaa vizuri ajabu, mradi niiname. Nilipojaribu kunyooka nyumbani, mbele ya kioo cha kabati, kiuno kilipanda hadi mbavuni, shingo ikanikaba, na satini ikanisukuma mabega mbele kama mikono ya mtu. Nilikaa kitandani nikalia. Sikulilia gauni. Niliona kwamba nikilivaa mbele ya mama wa Karanja na nikakunja vizuri, watu watapatana, na baada ya hapo nitakunjwa hivyo Loitokitok hadi nizeeke, na kila mtu atasema nina bahati. Nilikuwa nataka kwenda chuo. Nilimwambia mama. Alisema nisubiri kwanza harusi ipite, kana kwamba harusi ile ilikuwa mvua.

Siku yenyewe ibada ilichukua karibu saa nne, maana mchungaji alikuwa na mengi ya kusema juu ya utii. Nilisimama na kukaa, kusimama na kukaa, nikiwa nimekunjwa. Sarafu ile ya moto mgongoni iliwaka mapema, na kufikia wimbo wa mwisho mkono wangu wa kushoto ulikuwa unakufa ganzi. Karanja alikuwa kando yangu katika suti ya kijivu. Viatu vyake vilikuwa na visigino vilivyoongezwa na fundi viatu kwa agizo la Anti, na kwa jinsi alivyotembea kama anayekanyaga mayai, nilijua kuna gazeti limekunjwa ndani pia. Harufu ya marashi yake ilinifikia kidevuni. Hakuwa amesema neno lolote tangu asubuhi zaidi ya "habari yako", na mimi nilikuwa nimemdharau kikamilifu kabla hajamaliza salamu hiyo. Nilimdharau kwa suti yake na kwa lori lake, na kwa kuthubutu kuwa mfupi na bado kuitwa mchumba.

Tukatolewa nje kwa picha, kwenye ngazi za kanisa, kadamnasi yote imejipanga uwanjani ikila peremende. Mpiga picha alimsogeza Karanja mbele hatua moja, akanirudisha mimi moja nyuma. Haikutosha. Anti, aliyekuwa amesimama nyuma ya kamera na kofia yake yenye nyavu, alianza kunionyesha kwa mkono, kiganja chini, shuka, shuka. Nikashuka. Akaonyesha tena.

Hapo ndipo Karanja aliponong'ona bila kugeuza kichwa. "Dada, tafadhali. Usinyooke kwanza. Mathe yangu ako hapo. Ni dakika moja tu."

Anti alikuwa amechoka kuonyesha. Alipanda ngazi mwenyewe, mbele ya kanisa zima, akaniwekea mkono wake kisogoni na kubonyeza, kama mtu anayezamisha nguo kwenye karai. "Kunja!" alisema, na safari hii hakunong'ona.

Nikanyooka.

Sikupanga. Magoti yalijifunga, mgongo ukapanda, na mkono wa Anti ukateleza ukaangukia hewani. Gauni lilipasuka kwenye kwapa zote mbili, kwanza ya kulia, kisha ya kushoto, kwa sauti ambayo watu wa safu ya nyuma waliisikia. Upepo wa Kajiado ukaingia. Kwa mara ya kwanza tangu darasa la tano niliona paa za vibanda ng'ambo ya ua wa kanisa, na mbuzi juu ya kifusi, na nyuso zote za watu zikiwa zimeinuliwa. Na nilipotazama kando, nikamwona Karanja amesimama kwa ncha za vidole. Visigino vilikuwa vimetoka ndani ya vile viatu vyake, miguu inatetemeka, uso umekaza kutabasamu kwa ajili ya kamera, na bado kichwa chake hakikunifika machoni.

Nikacheka. Nilicheka kwa sauti, kinywa wazi, nikimwelekeza macho ili kila mtu aone ninachocheka. Na watu wakaona. Kicheko kilishuka ngazi kikaenea uwanja mzima, wavulana, wazee, hata wasimamizi wenzangu, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu hakikunilenga mimi. Mpiga picha akabonyeza.

Karanja aliondoka kabla keki haijakatwa. Mama yake, mwanamke mdogo aliyevaa kitambaa cheupe kichwani, alimfuata hadi kwenye lori akiwa amemshika kiwiko. Anti hakunisemesha kwa miaka miwili, na ninakiri kwamba ilikuwa miaka mizuri. Mama alinifunga leso mabegani kuficha kwapa, akanitazama juu, akasema kwa sauti ya ajabu, "Kumbe wewe ni mrefu hivyo." Wiki iliyofuata nilimrudishia Fundi Mwende gauni. Alifungua bitana, akanionyesha kitambaa kipana alichokuwa amekiacha ndani ya kila mshono. "Niliona huwezi kukaa hivyo siku yote," alisema. Akanipima upya, yeye juu ya kiti, mimi nikiwa wima: futi sita na inchi moja na nusu. Nilikuwa sijawahi kuujua urefu wangu, maana nilikuwa nimekataa kupimwa tangu utoto.

Msidhani basi nilipona siku hiyo. Kunyooka kwa hasira si kusimama. Miezi iliyofuata nilitembea nimetoa kifua kama askari wa gwaride, magoti yamekazwa nyuma, kidevu juu, na maumivu yakahama kutoka mabegani hadi kiunoni. Nilikuwa nimeacha kujificha nikaanza kupigana, na mwili ulichoka vile vile. Nilipoingia chuo Nairobi, mwaka wa 2003, nilienda hospitali nikitaka dawa, wakanipeleka kwa mwanamke wa mazoezi ya viungo. Alinisimamisha mgongo ukiwa ukutani, visigino mbali kidogo, akanicheka bila ubaya. "Nani amekuambia kusimama ni kusukuma?" aliuliza. Alinionyesha: uzito katikati ya nyayo, magoti yasikazwe, mbavu zishuke zikae juu ya nyonga, mabega yaachwe yaanguke yenyewe, kidevu kirudi nyuma kidogo badala ya kupanda juu. Nilihisi kana kwamba nitaanguka. Miaka saba ya kukunja ilikuwa imenifundisha kwamba wima ni kuegemea nyuma.

Yaliyobaki yalikuwa mambo madogo ya nyumbani, na hayo ndiyo yaliyoniponya. Niliinua meza ya kusomea kwa matofali. Karai la kufulia nililiweka juu ya kreti mbili. Nilijifunza kutazama chini kwa macho bila kuipeleka shingo. Na nilijifunza jambo ambalo warefu wote wangepaswa kufundishwa shuleni badala ya netiboli: ukizungumza na mtu mfupi, rudi hatua moja nyuma. Ukiwa karibu sana wewe unainama na yeye anavunjika shingo. Hatua moja tu, mnatazamana kama watu. Mazungumzo yakiwa marefu, kaeni. Ilinichukua kama miaka mitatu hadi siku niliyogundua, kwenye foleni ya benki, kwamba nimesimama tu, bila kufikiria.

Wanaume nao walikuja. Wapo walioniuliza hali ya hewa huko juu, wakingoja nicheke kwa ubunifu wao. Mmoja tuliyekuwa pamoja miezi mitano aliniomba nivae viatu vya bapa na nitembee upande wa mtaroni. Nilimwachia barabara yote akaitembea peke yake. Baadaye niliolewa na mtu ambaye siku ya kwanza alisogea nyuma hatua moja bila kufundishwa. Ana futi tano na inchi nane, na hilo ni la watu wengine kulihesabu.

Ile picha ya ngazi za kanisa ninayo. Kwa miaka mingi ilikuwa hadithi yangu ya kuchekesha watu: mkono wa Anti, kwapa zikipasuka, halafu Karanja juu ya vidole vyake, na hapo nilikuwa nainuka kumwigiza, natetemesha miguu. Sikuwahi kukosa kicheko. Mwaka mmoja niliisimulia ofisini wakati wa chai. Alikuwepo kijana mgeni wa idara ya hesabu, mfupi, mpole, aliyekuwa ameanza kazi Jumatatu hiyo. Nilipofika kwa Karanja alicheka kuliko wote, mapema kuliko wote, na huku akicheka alijivuta juu kwenye kiti chake.

Nilikijua kicheko hicho. Ni cha mtu anayetaka jambo lipite haraka. Nikayakatiza maigizo katikati, mguu mmoja bado hewani, wenzangu wakidhani ni sehemu ya hadithi.

Sijutii kunyooka. Mkono ule haukuwa na ruhusa ya kukaa kisogoni mwangu, na ningenyooka tena hata leo, gauni lipasuke hadi chini. Anti ninamdharau bado, na sina mpango wa kuacha. Lakini Karanja hakunigusa. Alikuwa amevishwa kama nilivyovishwa mimi, na Anti yule yule, mimi nikipunguzwa na yeye akiongezwa, na wote wawili tuliumia saa hizo nne. Aliniomba dakika moja. Katika uwanja ule wote uliojaa watu, ni mimi peke yangu niliyejua anaomba nini.